Skripti Imeshapita, Sasa Picha Zitatoka Wapi?

Jamani karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana nitakuwa nasoma vitu kwenye karatasi na mi kupiga kelele siwezi. Leo siongelei kamera wala lenzi. Naongelea orodha ya shoti, ile karatasi inayokaa katikati ya skripti na kamera, ile ambayo wengi wetu tunairuka tukijiambia "nikifika pale nitaona cha kupiga".

Na mimi nimeiruka sana tu. Kuna kazi moja skripti ilikuwa imeisha, mteja kaipitisha, sauti ya msimulizi imesharekodiwa, nikaenda na kamera yangu na skripti mfukoni, nikapiga kama masaa matatu ya picha. Nimerudi nimekaa ku-editi, mwanzo mzuri, mwisho mzuri, halafu katikati nakuta sekunde kama 40 za sauti hazina picha hata moja ya kuzibeba. Msimulizi anasema "miezi sita baadaye mambo yakaanza kubadilika", mimi nina nini? Nina mtu anatabasamu. Nikamweka anatabasamu, nikamweka tena anatabasamu kwa pembeni, nikavuta ile picha taratibu kama vile nina sababu ya kuivuta, yaani ukiangalia unajua kabisa huyu mtu ameishiwa.

Basi tangu siku hiyo sitoki nyumbani kabla sijaivunja skripti sentensi kwa sentensi. Nimekuja na skripti fupi ya dakika moja tuivunje hapa hapa. Ni ya fundi baiskeli, niliiandika kwa ajili ya mafunzo tu. Ina sentensi saba, nazisoma taratibu:

1. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, anafungua mlango wa banda lake.
2. Kwa miaka 22, mikono hii imenyoosha magurudumu mengi kuliko anavyoweza kuhesabu.
3. Gurudumu likiyumba, mara nyingi tatizo haliko kwenye ringi, liko kwenye spoki.
4. Spoki za kushoto zinaivuta ringi kushoto, za kulia zinaivuta kulia, na ringi inakaa sawa pale tu zinapotoshana nguvu.
5. Akikaza moja kupita kiasi, anaanza upya.
6. Baba yake alimfundisha kusikiliza kabla ya kugusa.
7. Jioni mwenye baiskeli anarudi, na gurudumu linazunguka kimya.

Kumbukeni hii ni skripti iliyokwisha, kwa hiyo huna ruhusa ya kusema "tubadilishe hii sentensi picha yake ngumu". Maneno ndo hayo, wewe kazi yako ni macho.

Kitu cha kwanza, kabla hujawaza picha yoyote, weka saa. Usikadirie kwa kuangalia urefu wa mstari kwenye karatasi, Kiswahili kitakudanganya, neno kama "zinapotoshana" ni neno moja lakini mdomoni lina safari yake. Rekodi na simu yako ukisoma kwa mwendo ule ule wa msimulizi, na kama sauti halisi ipo tumia hiyo hiyo. Hii yetu mimi nilipata sekunde 6, 8, 6, 11, 5, 6 na 7. Jumla 49. Filamu ni sekunde 60, maana yake kuna sekunde 11 ambazo hakuna anayeongea, na hizo nazo zinataka picha! Watu wanazisahau sana hizi. Mimi naziandikia mistari yao kwenye orodha kabisa, kati ya sentensi na sentensi, naandika "kimya, sekunde 3".

Saa ikishakaa ndo unajua kila sentensi inakula shoti ngapi. Shoti ya kawaida kwenye kitu cha mwendo wa wastani inakaa sekunde 3 mpaka 5, kwa hiyo sentensi ya sekunde 6 inataka shoti moja au mbili, ile ya 11 inataka tatu. Dakika nzima unaongelea kama shoti 15 kwenye skrini. Sasa mimi kwenye orodha naandika mara mbili yake, kama 30, maana nusu zitakufa. Mwanga utakataa, mtu atapita mbele, fokasi itakimbia, au utakuta tu picha uliyoiwaza usiku ukiwa kitandani haina maisha.

Haya, hapo ndo tunaingia kwenye penyewe. Wengi wakiambiwa wavunje skripti wanachukua kila nomino wanaitafutia picha. Sentensi inasema mlango, naandika shoti ya mlango. Inasema mikono, shoti ya mikono. Inasema baba, eee... picha ya zamani ya baba. Unamaliza orodha kwa dakika kumi unajiona fundi, halafu filamu ikitoka inakuwa kama kitabu cha chekechea, huyu mlango, huyu mkono, huyu baba. Mtazamaji anaambiwa kitu kile kile mara mbili, sikioni na machoni, anachoka hajui kwa nini amechoka.

Mimi pembeni ya kila sentensi kwanza naandika neno moja, inafanya kazi gani. Kwangu kazi ziko tatu tu. Kuna sentensi inayoeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Kuna sentensi inayodai jambo, na mtazamaji ana haki ya kutoamini. Na kuna sentensi inayoongelea kitu ambacho hakipo mbele ya kamera, kimepita au hakionekani. Kila moja inataka picha za tabia tofauti, na ukikosea kazi umekosea shoti zote zilizo chini yake.

Tuanze na inayoeleza, sentensi ya 4, ndo ndefu. Hapa, na ni hapa peke yake, picha inatakiwa ifuate maneno kama kivuli. Msimulizi akisema "kushoto" jicho lione kushoto, la sivyo umempoteza mtu. Kwa hiyo naikata sentensi vipande vitatu pale msomaji anapovuta pumzi. 4A, "spoki za kushoto zinaivuta ringi kushoto": kamera imekaa mbele ya gurudumu, usawa wa ringi, unaona ringi na vile viraba viwili vya breki huku na huku, spana ya spoki inazungusha nati ya spoki ya kushoto robo mzunguko, na ule uwazi wa upande wa kushoto unapungua. 4B, fremu hiyo hiyo, kamera haijaguswa, sasa spoki ya kulia, ringi inarudi. 4C, "zinapotoshana nguvu": gurudumu linazunguka katikati ya viraba na uwazi haubadiliki.

Angalieni sikuandika "spoki zikikazwa". Niliandika uwazi kati ya ringi na breki. Kwa nini? Kwa sababu spoki ikikazwa robo mzunguko jicho halioni kitu, ni waya tu umekaa pale pale. Kinachoonekana ni matokeo, yaani ule uwazi. Kila sentensi ya maelezo ina sehemu moja ambayo badiliko linaonekana kwa macho, na ukiwa hujui kazi ya yule mtu huwezi kuijua ukiwa mezani kwako. Mimi hii niliijua baada ya kukaa na fundi nusu saa bila kamera, nikimuuliza tu "we unajuaje kama limenyooka?" akanionyesha pale kwenye breki. Hilo swali liulizeni kila mahali. We unajuaje. Jibu lake karibu kila mara ni shoti.

Halafu kuna mtego, na huu niliuingia miguu yote miwili. Kwa 4C akili inakupeleka kwenye picha nzuri ya spoki zinazunguka, si ndio? Sasa gurudumu la spoki 36 lina nafasi ya nyuzi 10 kati ya spoki na spoki. Kamera inapiga fremu 25 kwa sekunde. Gurudumu likizunguka kwa mwendo wa mzunguko mmoja kila sekunde moja na nusu hivi, kila fremu inaikuta spoki imefika palepale alipokuwepo mwenzake, na kwenye video gurudumu linaonekana limesimama, au linarudi nyuma polepole kama limelogwa. Ukiwa unalitazama kwa macho pale huoni tatizo lolote, unakuja kuliona nyumbani. Kwa hiyo kwenye orodha, kwenye ile kolamu ya tahadhari, niliandika: "usipige spoki zikizunguka, piga pengo la breki, au funga kitambaa chekundu kwenye spoki moja". Kitambaa kimoja kinatosha, jicho linakifuata chenyewe na ule mzaha wa kurudi nyuma unaisha.

Sentensi ya 3 nayo ni maelezo lakini fupi, ringi inayumba na kugusa breki upande mmoja, shoti moja ya karibu, unasikia shwi... shwi... shwi kila mzunguko. Tunaipita.

Sasa ya 2, inayodai. "Kwa miaka 22, mikono hii imenyoosha magurudumu mengi." Nani kasema? Ukiweka mikono inafanya kazi, umeonyesha mikono inafanya kazi leo. Miaka 22 haipo pale. Kwa hiyo sentensi za madai mimi naziulizia ushahidi, ni kitu gani pale kimeisha, kimechakaa, kimerundikana au kimelika kwa sababu ya hiyo miaka? Niliandika saba, nawapa zilizobaki. Mpini wa spana ambao rangi imetoka pale dole gumba linapokaa tu, kwingine bado ina rangi. Ukingo wa meza ya kazi uliolika pembeni moja. Ndoo ya spoki zilizokatika, picha ya juu moja kwa moja, imejaza fremu, hakuna ukingo wa ndoo unaoonekana, ili zionekane hazina mwisho. Na ngozi ya kidole cha shahada, karibu sana. Mikono ipo, ndiyo, lakini inakuja ya mwisho, baada ya vitu kuwa vimeshasema, na inakuja imetulia, haifanyi kazi.

Mnaona hizo ndo picha za kujazia za kweli. Picha ya kujazia haimaanishi picha ya kuziba shimo, ingawa itaziba pia. Kila sentensi naiandikia shoti kuu moja, ile ambayo isipopatikana sentensi imekufa, halafu chini yake tatu za kujazia kwa umbali tofauti: moja pana ya mahali, moja ya kitu peke yake bila mtu, na moja ya mtu bila kitu, uso unatazama, bega, kivuli chake ukutani. Nikiwa na hizo tatu naweza kukata popote. Nikiwa na tatu za umbali mmoja, hata ziwe nzuri vipi, zikikaa pamoja zinagongana, picha inaruka.

Na nyingine, jamani, chagueni picha za kujazia ambazo hazina saa ndani yake. Sisemi saa ya ukutani tu, japo na hiyo imeniumbua, fundi anaongea saa nne, nakata kwenye ukuta saa inasema tisa, narudi kwa fundi saa nne. Kuna saa za kujificha. Rundo la kazi linalopungua mchana kutwa. Kivuli cha mlango sakafuni kinachotembea. Gurudumu lililoning'inia nyuma ambalo baadaye limeshachukuliwa na mwenyewe. Kwenye orodha naweka alama ya nyota kwa zile zisizo na saa, kama spana zimening'inia kwenye giza la ukuta, au jicho la fundi karibu sana, hizo nakata nazo popote na hakuna atakayejua. Katika 30 nataka walau sita ziwe na nyota.

Tuje ya 6, kitu kisichokuwepo. "Baba yake alimfundisha kusikiliza kabla ya kugusa." Baba hayupo. Picha ya zamani unaweza kupata, unaweza usipate, na ukiipata ni sekunde 3 umeimaliza. Halafu "kusikiliza" unapigaje? Mtu ameinamisha kichwa? Kila mtu anafanya hivyo, hapana.

Hapa nilikwama siku mbili, sio siri. Nikarudi kwenye lile swali, we unajuaje. Fundi akaniambia anazipiga spoki kwa kucha moja moja kama nyuzi za gitaa, iliyokazwa zaidi inatoa sauti ya juu, iliyolegea inatoa ya chini, anazifuata mpaka zote za upande mmoja ziimbe karibu sawa. Sikieni, sentensi yangu ya 6 shoti yake kuu sio picha, ni sauti! Kwa hiyo mstari wa 6 kwenye orodha unaanza na kolamu ya sauti: "kucha kwenye spoki, tatu za sauti moja, ya nne iko chini". Maiki inasogezwa karibu kabisa, inarekodiwa peke yake na hakuna anayeongea. Picha inakuja baadaye, kucha inagusa spoki, karibu sana, halafu uso wa fundi pale ile ya nne inapolia tofauti, maana uso utabadilika wenyewe, huna haja ya kumwambia sikiliza. Na baba? Baba nimemwacha kwenye sauti ya msimulizi. Nimeweka tu kijana aliyesimama mlangoni anatazama, kama yupo siku hiyo. Kama hayupo basi, sentensi inasimama bila yeye.

Ya 1 haraka. "Anafungua mlango", ukionyesha mlango unafunguliwa wakati sauti inasema mlango unafunguliwa umerudi chekechea. Mimi kelele ya komeo inasikika kwanza kwenye skrini nyeusi, sekunde 2 za kile kimya nilichowaambia, msimulizi anapoanza tuko ndani tayari na mwanga unatambaa kwenye vyuma. Tahadhari: hii inapigwa mara moja tu kwa siku, ukichelewa imeenda. Ya 5 ni spana inasimama katikati, mkono unairudisha nyuma, basi.

Orodha ikishajaa hivi ipo kwa mpangilio wa skripti, na huo haufai kupigia. Naipanga upya kwa mahali na mwanga. Alfajiri ni 1 peke yake. Kamera ikikaa mbele ya breki napiga 3, 4A, 4B, 4C na 5 pale pale bila kuhamisha stendi. Vitu visivyo na mtu, ndoo, meza, mpini, napiga mchana jua la utosini, fundi akiwa amepumzika, maana huo mwanga uso wa mtu unauharibu lakini vyuma havijali. Jioni ni 7. Ila namba ya sentensi haiondoki hata nikiipanga vipi, ile 4B inabaki 4B, na kabla ya kurekodi naionyesha kwa vidole mbele ya lenzi, nikirudi faili linapewa jina `04B_breki_kulia` na mimi nimeshamaliza nusu ya editi. Kila shoti naiacha itembee sekunde 10 bila kugusa kamera, hata kama nahitaji 3, kwa sababu mwanzo na mwisho huwa mkono unatetemeka na unataka pa kukatia.

Kuna dada hapa mbele ameuliza, je ukifika na orodha yako halafu pale unaona kitu kizuri ambacho hakimo? Piga. Lakini kabla hujabonyeza jiulize kitakaa chini ya sentensi namba ngapi, na ukikosa jibu kwa sekunde chache basi kipige cha mwisho, baada ya shoti kuu zote kuwa zimepata tiki. Mimi uzuri ndo ulinila yale masaa matatu.

Na kaka pale nyuma anauliza kama umesharudi na sentensi moja iko uchi, ufanyeje. Kwanza angalia kama shoti ya sentensi iliyotangulia inaweza kuendelea, mara nyingi ile iliyoachwa sekunde 10 inakuokoa. Ikishindikana, chukua zile za nyota. Zikiisha rudi ukapige, na ukirudi nenda na mstari huo mmoja tu, usianze filamu nyingine.

Ya mwisho, ya 7, "gurudumu linazunguka kimya". Maneno yanaisha sekunde ya 7, lakini kimya ukikikata pale pale mtu hakisikii. Kwa hiyo chini yake nimeandika mstari mwingine, 7C: gurudumu limening'inizwa, kitambaa chekundu kipo, linazunguka mpaka lisimame lenyewe, rekodi mpaka mwisho hata ikichukua dakika nzima. Kwenye kolamu ya maneno hapo pako wazi. Kwenye kolamu ya sauti nimeandika: ile shwi ya sentensi ya 3 isisikike.